Usiku wa mtihani: kahawa ile ile, mmoja kalala, mwenzake kakesha. Nani yuko sahihi?

Bint_Langoni

Assalaam aleikum. Nawaandikia kutoka Lamu, Langoni, na jambo lenyewe limenikaa rohoni kwa sababu linahusu vijana wawili ninaokaa nao nyumba moja. Mmoja ni mdogo wangu wa tumbo moja, nitamwita Badi. Wa pili ni mwenzake wa chuo, ametoka Faza, amepanga chumba cha juu, nitamwita Athman. Wote wanasoma uhasibu. Juzi walikuwa na karatasi ya sheria ya biashara, saa tatu asubuhi.

Usiku ule waliteleka kahawa tungu jikoni kwangu. Tangawizi, iliki kidogo, wakaichemsha mpaka nyumba nzima ikanukia. Walikunywa saa tatu usiku wakakaa sebuleni na madaftari. Mpaka saa saba hivi sikusikia neno. Kisha nikasikia sauti zimepanda.

Badi alikuwa amefunga daftari, anataka kulala. Athman ameteleka sufuria ya pili. Akamwambia, "Unalala vipi na mada nzima hujaigusa? Kunywa kahawa, akili itafunguka." Badi akamjibu, "Kilichofunguka ni mato, Athman. Akili yangu imechoka. Mimi kahawa nainywa nipitie ninayoyajua, haya mapya ya usiku hayakai." Mwenzake akakasirika: "Wewe mjukuu wa muuza kahawa ndio wasema kahawa haisaidii?" "Sikusema haisaidii. Nimesema haisomi."

Wakavutana hivyo. Athman akatoa hoja kwamba tangu anywe amesoma kurasa nyingi kuliko mchana kutwa, na kila mstari anauelewa. Badi akachukua daftari la mwenzake, akalifunga, akampa karatasi tupu: "Niandikie hapa ulichosoma nusu saa iliyopita." Athman aliandika vichwa vya habari, kisha kalamu ikasimama. Akasema anaharakishwa, na kwamba si haki kumpima mtu katikati ya kusoma. Nikatoka chumbani nikawaambia wapunguze sauti, watoto wamelala.

Badi akalala. Athman akanywa sufuria ya pili peke yake, akasoma hadi saa kumi, kisha akajitupa kitandani asipate usingizi hata lepe. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mikono inamtetemeka, ananiambia moyo wamwenda mbio. Kifungua kinywa hakukigusa.

Alhamisi wana karatasi nyingine, ya kodi, na tayari wameanza kuvutana kuhusu kahawa. Naomba anayejua anieleze kwa kweli. Kahawa inamsaidia mwanafunzi au haimsaidii? Na imekuwaje sufuria moja ikamwacha mmoja salama na kumtesa mwingine?

Mzee_wa_Dele

Wa aleikum salaam binti yangu. Mimi nimebeba dele na vikombe tangu ujana, pale Mkunguni mbele ya ngome wananijua. Desturi hii ya kunywa kahawa asili yake ni Yemen, na masufi wa kule walikuwa wakiinywa tangu karne ya 15 ili wakeshe kwa dhikri. Kwa hivyo hakuna wa kuniambia kahawa haikeshi mtu.

Kosa la hao vijana naliona mimi. Kahawa tungu ina nguvu kuliko ya maziwa, na kadiri unavyoichemsha ndivyo nguvu inavyozidi. Huyo Athman hakuzoea. Angetia tangawizi zaidi, maana tangawizi hukata ukali wake, moyo usingemwenda mbio. Na angekula tende. Kahawa tungu hainywewi tumbo tupu.

Baharia_wa_Pate

Mimi nazungumza kwa yangu. Usiku tukiwa na nyavu baharini, chupa ya kahawa ni lazima. Aliye kwenye usukani akisinzia tumekwisha. Naapa inasaidia. Saa nane, saa tisa usiku, kikombe kimoja na unaona taa ya mbali uliyokuwa huioni. Huyo Badi aseme atakalo, kahawa ni kazi yake hiyo.

kaka_mwema254

Samahani, hiyo kahawa ya unga mnanunua duka gani hapo Lamu? Nataka kilo moja ya kupeleka Nairobi, lakini isiwe imechanganywa na tangawizi tayari.

Mfamasia_Malindi

Dada, nimesoma habari yako mara mbili. Kabla sijasema lolote nijibu haya, maana bila hayo tutakuwa tunakisia. Walitia unga wa kahawa kiasi gani, kwa kijiko gani, kila sufuria? Waligawana sawa? Kila mmoja hunywa kahawa mara ngapi siku za kawaida? Na je, kuna aliyekuwa anatumia dawa yoyote, hata ya kununua dukani?

Mzee wa Dele, shikamoo. Nitarudi kwako kuhusu tangawizi.

Bint_Langoni

Ahsante sana. Nimemuuliza Badi. Sufuria ya kwanza walitia vijiko vinne vya mezani vilivyojaa, wakagawana nusu kwa nusu. Ya pili vijiko viwili, na hiyo ameinywa Athman yote. Badi hunywa kila siku asubuhi na baada ya alasiri, ndivyo tulivyolelewa. Athman ni mtu wa chai ya maziwa, kahawa ni nadra. Dawa sijui, Badi anasema hajaona.

Mfamasia_Malindi

Sasa tuna pa kuanzia. Hesabu hii ni ya makadirio lakini inatosha kuonyesha kilichotokea.

Vijiko vinne vilivyojaa ni kama gramu 30 za unga. Kahawa ya arabika ina kafeini karibu asilimia 1.2 ya uzito wake, kwa hiyo sufuria ile ilikuwa na miligramu 360 hivi. Ondoa iliyobaki kwenye machicha, tuseme kila mmoja alipata 160. Kama unga ule ulikuwa wa robusta, karibu zidisha mara mbili, kwa hiyo ni vizuri kujua mlinunua ipi.

Kafeini ikiingia tumboni, ndani ya nusu saa hadi saa moja imeshafika kwenye damu kwa wingi wake. Baada ya hapo ini huanza kuiondoa, na kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake huondoka kwa takriban saa tano. Wapo wanaochukua saa tatu, wapo wanaochukua saba na zaidi.

Mwanzie Badi. Saa tatu usiku ana 160. Saa saba, alipofunga daftari, bado ana kama 90. Amelala nazo, na pengine usingizi wake haukuwa mzito kama kawaida ingawa mwenyewe hakujua. Saa kumi na mbili asubuhi zimebaki kama 45.

Athman naye saa saba ana 90 zile zile, kisha anaongeza sufuria ya pili, 160 nyingine. Jumla ni 250. Saa kumi anapojitupa kitandani ni saa tatu tu zimepita, na bado ana kama 165. Yaani alikwenda kulala akiwa na kafeini ileile aliyokuwa nayo alipomaliza kikombe chake cha kwanza saa tatu usiku. Hakuna mtu anayekunywa kahawa na kulala papo hapo akategemea usingizi wa maana, na yeye ndicho alichofanya bila kujua, kwa sababu aliihesabu sufuria ya kwanza kuwa imekwisha.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013 ambapo watu walipewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala. Walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Kwa hiyo hata anayesema "mimi nakunywa na nalala vizuri" huenda analala pungufu kuliko anavyodhani.

Mzee_wa_Dele

Marahaba mwanangu. Hesabu nimeifuata. Lakini hujanijibu tangawizi.

Mfamasia_Malindi

Mzee wangu, uchungu wa kahawa hautokani na kafeini peke yake. Kiasi kikubwa hutokana na kukaanga. Kahawa iliyokaangwa ikawa nyeusi kabisa ni chungu zaidi, na kafeini yake ni karibu ile ile. Kuchemsha sana nako kunatoa uchungu zaidi, lakini kafeini nyingi ilishatoka dakika za mwanzo. Kinachoongeza nguvu ni unga kwa kila kikombe, na kahawa ya dele kwa desturi hutiwa unga mwingi na hunywewa kwa finjani ndogo. Hapo uko sahihi kwamba ni kali, ila sababu ni nyingine. Maziwa hayaondoi kafeini, yanaijaza tu nafasi kikombeni.

Tangawizi inaweza kutuliza tumbo. Kafeini iliyokwisha ingia kwenye damu haiigusi. Na tende umesema kweli, tumbo lenye chakula huipokea kahawa polepole.

Mwalimu_Shela

Naomba nitetee upande wa Athman kidogo, maana naona anahukumiwa hayupo.

Mimi nafundisha, na kila msimu wa mitihani nasikia ubishi huu. Jambo la kwanza, mada ambayo hujaisoma kabisa, ukiisoma saa nane usiku hata ukibaki na robo yake, robo ni zaidi ya sifuri. Badi alikuwa na anasa ya kulala kwa sababu alishasoma mapema. La pili, kuna watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, 2014, waliowaonyesha watu picha, kisha wakawapa miligramu 200 za kafeini baada ya kutazama. Kesho yake waliopewa kafeini waliweza zaidi kutofautisha picha waliyoiona na nyingine inayofanana nayo. Kwa hiyo tusiseme kahawa ni ya macho tu.

Mfamasia_Malindi

Mwalimu, utafiti huo naujua na ni wa kweli. Lakini tazama masharti yake. Waliochaguliwa hawakuwa watu wa kunywa kafeini sana, walipewa kipimo kimoja, na walipimwa saa 24 baadaye, usiku ukiwa umepita katikati. Hakuna aliyekalishwa macho hadi saa kumi. Pia waliopewa 100 tu hawakuonyesha faida ile. Na wengine waliojaribu mambo yanayofanana baadaye hawakupata jibu moja. Mimi nauweka kwenye yale yasiyokwisha amuliwa.

Tunachoweza kusema kwa uhakika ni hiki. Ukikaa macho, ubongo hujikusanyia adenosini, na hiyo ndiyo inayokuletea uzito wa usingizi. Kafeini hukaa mahali adenosini ilipopaswa kukaa. Uchovu haujaondoka, umezuiwa mlangoni, na unaendelea kujaa nje. Ndiyo maana kahawa humsaidia sana baharia wetu hapo juu. Kazi yake ni kuwa macho na kuona taa ikitokea, na kafeini inafanya hivyo vizuri mno. Kusoma kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuwa macho, kahawa inaifanya. Ya pili ni kukihifadhi ulichosoma, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ukiwa umelala. Athman alinunua ya kwanza kwa kuuza ya pili.

Baharia_wa_Pate

Sasa nimefahamu kwa nini baharini inanifaa, lakini nikitaka kukariri bei za samaki za mnada nasahau.

Athman_wa_Faza

Assalaam aleikum. Mimi ndiye Athman. Dada aliniomba ruhusa kabla ya kuandika na nikampa, lakini naona bora nijisemee.

Kwanza, kuelewa nilielewa. Nikisoma usiku ule kila kitu kilikuwa wazi, na sitakubali mtu aniambie nilijidanganya. Kulikuwa na kesi mbili kwenye mada ya makubaliano. Moja ni ya Carlill, 1893, kampuni ya dawa ilitangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 mtu yeyote atakayeshikwa na homa ya mafua baada ya kutumia dawa yao, na ikaweka fedha benki kuonyesha haina mzaha. Mahakama ikasema tangazo lile ni toleo kamili, yaani pendekezo la mkataba, na bibi aliyeugua alipwe. Ya pili ni ya Fisher na Bell, 1961, kisu kimewekwa kwenye dirisha la duka na bei yake. Mahakama ikasema kuweka bidhaa dirishani ni kumkaribisha mteja aje atoe toleo lake, duka halijatoa toleo.

Swali lililokuja lilikuwa la mfanyabiashara aliyeweka simu dirishani na bei yenye makosa, mteja anadai auziwe kwa bei ile. Nikaandika ya Carlill. Nikaandika ukurasa mzima, vizuri kabisa, na nikahitimisha duka limefungwa na bei yake. Nilipotoka nje Badi akanitajia Fisher, nikakumbuka papo hapo. Kesi zote mbili nilikuwa nazo kichwani. Sikuweza kuzitenganisha.

Pili, kuhusu dawa. Hakuna aliyeniuliza mimi. Natumia siprofloksasini, nilipewa zahanati kwa ajili ya tatizo la mkojo. Asubuhi na usiku. Usiku ule nilimeza saa mbili, kabla ya kahawa. Sikuona inahusiana vipi.

Mfamasia_Malindi

Athman, ahsante, umetufungulia nusu ya jambo ambayo hesabu yangu haikuwa nayo.

Siprofloksasini inazuia kimeng'enya kile kile cha ini kinachovunja kafeini. Ukiwa unaitumia, kafeini hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida. Zile saa tano nilizotumia juu hazikuhusu wewe. Weka saa nane, kwa mfano tu. Saa saba usiku ungebaki na 113 badala ya 90, ukaongeza 160, na saa kumi ukapanda kitandani na karibu 210. Kutetemeka mikono, moyo kwenda mbio, chakula kukataa, hiyo ni sura ya kafeini iliyozidi. Na dawa yenyewe, hata bila kahawa, inaweza kumnyima mtu usingizi na kumtia wasiwasi.

Ukitazama kiasi ulichokunywa, 320 hivi kwa usiku mzima, si cha kutisha. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kufika 400 kwa siku, na 200 kwa mara moja, bila hofu. Kwa hiyo mtu angekutazama akasema "kakunywa kidogo tu, ana woga wa mtihani." Wewe kwako hiyo kidogo ilikuwa nyingi.

Nakusihi sana, dozi usiikate. Imalize kama ulivyoelekezwa. Kinachoachwa ni kahawa, pamoja na chai nyingi ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu, mpaka dozi iishe na siku moja au mbili zaidi. Dawa yenyewe usiimeze pamoja na maziwa peke yake, kalsiamu huizuia isiingie mwilini, nawe tumeambiwa ni mtu wa chai ya maziwa. Na moyo ukirudi kwenda mbio, au ukihisi kizunguzungu cha kuanguka, rudi zahanati usisubiri mtihani uishe.

Mzee_wa_Dele

Subhanallah. Miaka yote hii nimewauzia watu, sikuwahi kumuuliza mteja kama anameza dawa. Hiyo ni dawa peke yake, au ziko nyingine?

Mfamasia_Malindi

Ziko nyingine mzee. Vidonge vya uzazi wa mpango hurefusha muda wa kafeini, karibu mara mbili, na wanawake wengi hawaambiwi. Mjamzito pia, hasa miezi ya mwisho, kafeini hukaa kwake muda mrefu sana. Mvutaji sigara ni kinyume chake, ini lake huiondoa haraka, ndiyo maana baadhi yao hunywa finjani nyingi barazani na wakaenda kulala.

Mwalimu_Shela

Kubali basi kwamba kwa Badi kahawa imesaidia. Yeye hana dawa, amekunywa moja, amelala, ameandika vizuri.

Mfamasia_Malindi

Badi naye si rahisi kama anavyoonekana. Mtu anayekunywa kila siku, akikosa, baada ya saa 12 hadi 24 huanza kuumwa kichwa na kusinzia. Kwa hiyo akinywa, je, anapata nguvu ya ziada, au anarudi tu pale alipo mtu asiyekunywa kabisa? Wataalamu wamebishana kwa miaka na hawajamaliza. Mimi naegemea upande wa kwamba kwa mzoefu sehemu kubwa ni kurudi pale pale, na faida halisi huonekana akiwa amepungukiwa usingizi. Lakini sitakuapia.

Lililo hakika ni kwamba siku ya mtihani si siku ya Badi kuacha kahawa. Ataumwa kichwa katikati ya karatasi. Anywe finjani yake ya asubuhi kama desturi yake.

Mwalimu_Shela

Hapo tunakubaliana. Mimi nabaki na langu la mada isiyosomwa. Athman alijibu swali jingine kutokana na alichosoma saa nane usiku, naweza kukisia. Sivyo?

Athman_wa_Faza

Ni kweli mwalimu. Swali la wakala na mwajiri wake lilikuja, nalo nililisoma baada ya saa saba. Nililijibu. Sijui alama, lakini sikuliacha tupu. Ndiyo maana nasema Badi hajashinda.

Mfamasia_Malindi

Sikatai. Kama mada ni tupu kabisa, saa moja ya ziada inaweza kulipa. Ninachouliza ni saa ngapi, na saa ya mwisho imelipa nini. Kuanzia saa nane hadi saa kumi ulisoma nini, na kimetokea nini kwenye mtihani?

Athman_wa_Faza

Saa nane na nusu kuendelea nilikuwa narudia zile kesi. Carlill na Fisher.

Bint_Langoni

Nimekaa nao jana baada ya isha, nikawasomea yote mliyoandika. Yafuatayo ndiyo waliyokubaliana kwa Alhamisi, nawaombeni mtazame kama kuna kasoro.

Athman hagusi kahawa, anamaliza dawa yake. Badi anakunywa ya alasiri saa kumi, ya usiku anaiacha. Mada ambazo Athman hajasoma wameziorodhesha, wataanza nazo mapema jioni akili ikiwa bado mbichi, na yale mazoezi ya kukokotoa kodi wanayoyajua wataweka mwisho. Kila baada ya mada moja wanafunga daftari na kuandika kwenye karatasi tupu walichobaki nacho, mtindo ule wa Badi. Athman ameukubali kwa sharti kwamba wapimwe wote wawili. Saa tano taa inazimwa, na hilo nimelisema mimi.

Wasichokubaliana ni kama kahawa "inafungua akili". Athman anasema dawa ikiisha atajaribu tena, finjani moja, mchana, na atamwonyesha Badi. Nimewaacha.

Badi ana swali lake. Akizidiwa na usingizi alasiri, alale kidogo au anywe kahawa?

Mfamasia_Malindi

Mpango ni mzuri dada. Ningeisogeza kahawa ya Badi iwe saa tisa badala ya saa kumi, kwa kuwa kitanda ni saa tano.

Na swali lake lina jibu la kumfurahisha. Afanye vyote viwili. Anywe finjani haraka, kisha ajilaze papo hapo, atege simu imwamshe baada ya dakika 20. Kafeini huchukua kama nusu saa kufika, kwa hiyo haitamzuia kusinzia, na ataamka inapoanza kufanya kazi, uchovu mwingine ukiwa umepunguzwa na usingizi wenyewe. Asizidishe hizo dakika 20. Akipitiliza ataamka mzito na kulala usiku kutakuwa tabu.

Baharia_wa_Pate

Hiyo ya kunywa na kulala nitaijaribu leo kabla hatujatoka na maji ya jioni.

kaka_mwema254

Kwa hiyo arabika au robusta? Bado sijanunua.

Mzee_wa_Dele

Njoo Mkunguni baada ya alasiri, kijana. Nitakupa arabika, na tangawizi nitakufungia kando.